Posho Ikichelewa: Namna ya Kumwandikia Mfadhili wa Masomo

Mwanafunzi anayesomeshwa na mfadhili hutegemea fedha za aina mbili. Ada hupelekwa chuoni moja kwa moja, na mara nyingi hata haioni. Posho ya kujikimu ndiyo inayopita mkononi mwake: kodi ya chumba, chakula, nauli, sabuni na vocha ya simu. Ada ikichelewa, chuo na mfadhili huandikiana huku masomo yakiendelea. Posho ikichelewa, anayebanwa tangu siku ya kwanza ni mwanafunzi, na pengine ni yeye peke yake anayejua kwamba haijafika. Mfadhili akishatuma fedha hudhani zimefika, na chuo kikiwa na mamia ya wanafunzi hakiwezi kujua nani amelala njaa. Kwa hiyo barua ya mwanafunzi huweza kuwa habari ya kwanza kumfikia mfadhili kwamba malipo yamekwama.

Barua nyingi za namna hii huishia bila jibu, au hujibiwa kwa maneno mawili: suala linafuatiliwa. Kinachozikwamisha mara nyingi ni kwamba zinaeleza shida kwa kirefu bila kutaja malipo yapi hayajafika, yalipaswa kufika lini, na nani aliulizwa. Afisa anayezisoma humhurumia mwandishi, lakini hajui afungue jalada gani. Barua inayofanya kazi humpa afisa huyo mambo matatu: mahali fedha zilipokwama, madhara ya kuchelewa kwake, na hatua ambayo yeye mwenyewe anaweza kuichukua.

Kujua fedha zimekwama wapi

Posho hupita mikononi mwa wengi kabla ya kumfikia mwanafunzi. Mfadhili huidhinisha malipo na kuyatuma. Chuo huyapokea na kuyaingiza katika orodha ya malipo. Benki huyaweka katika akaunti ya mwanafunzi. Juu ya hayo yote upo mkataba wa ufadhili, ambao ndio unaosema fedha zitolewe kwa masharti gani. Kabla ya kuandika lolote, mwanafunzi anapaswa kuusoma mkataba huo upya, maana kuchelewa kwingine hutokana na sharti ambalo halijatimizwa.

Ufadhili wa Serikali ya China, unaowasomesha vijana wengi wa Afrika Mashariki, ni mfano mzuri wa jinsi sharti dogo linavyogusa posho. Mwanafunzi mpya anayejisajili kabla ya tarehe 15 hupata posho ya mwezi mzima, na anayejisajili baada ya tarehe hiyo hupata nusu. Anayekaa nje ya nchi hiyo kwa shughuli zake binafsi zaidi ya siku 15, likizo za chuo zikiwa kando, husimamishiwa posho kwa muda asiokuwepo. Posho yenyewe hutolewa na chuo anachosoma. Mwanafunzi asiyeyajua haya anaweza kulalamika kwamba amepunjwa kumbe kanuni imefuatwa, au akaiandikia ofisi ya juu kuhusu jambo ambalo majibu yake yapo chuoni kwake.

Kwa wafadhili wengi sharti la kawaida ni taarifa ya maendeleo. Mwanafunzi huiandika, msimamizi wake huitia saini, na chuo huituma kwa mfadhili pamoja na hesabu za fedha zilizotangulia. Pasipo taarifa hiyo, fedha za kipindi kinachofuata hazitoki. Sharti jingine ni usajili: mwanafunzi asiyekamilisha usajili wa muhula haonekani katika orodha ya malipo, hata kama yuko darasani kila siku. Ndivyo ilivyo pia kwa wanafunzi wa Tanzania wanaokopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu: bumu haliwafikii wasiosajiliwa au ambao hawajasaini. Fedha hizo ni mkopo, na mahali pa kuanzia kuziulizia ni dawati la mikopo la chuo.

Mkataba ukishasomwa, swali la kwanza ni nani wengine hawajalipwa. Ikiwa wanafunzi wote wa mfadhili yuleyule hawajapata posho, tatizo liko juu: kwa mfadhili, au katika akaunti ya chuo. Ikiwa wenzake wamepata na yeye hajapata, tatizo linamhusu yeye mwenyewe, yaani usajili, taarifa au akaunti yake. Ikiwa chuo kinaonyesha kwamba fedha zilitumwa na hazionekani, tatizo liko benki. Huenda akaunti imelala kwa kutotumika muda mrefu, au jina lililo kwenye orodha ya chuo halifanani na lile la benki, na fedha zimerudi zilikotoka.

Swali la pili huulizwa kwa mhasibu wa chuo: je, fedha za mfadhili huyu za kipindi hiki zimepokelewa? Jibu hilo hukata suala katikati. Zikiwa zimepokelewa, barua kwa mfadhili haina haja kwanza. Inayotakiwa ni barua kwa ofisi ya fedha ya chuo. Zikiwa hazijapokelewa, mfadhili ndiye wa kuandikiwa. Inafaa kuandika tarehe mhasibu alipoulizwa na cheo cha aliyejibu, na kama inawezekana kuomba jibu hilo kwa barua pepe, maana neno la mdomo haliambatishwi kwenye barua.

Zikiwa zimetumwa kutoka nje ya nchi na hazijaonekana, mfadhili huombwa nakala ya hati ya uhamisho kutoka benki yake, ambayo kwa miaka mingi wahasibu wameijua kwa jina la MT103. Hati hiyo inaonyesha tarehe, kiasi, akaunti iliyotumiwa na namba ya kufuatilia, na benki ya chuo huweza kuitafuta fedha kwa namba hiyo.

Kueleza ugumu kwa namna inayoaminika

Mwanafunzi mwenye njaa ana haki ya kusema ana njaa. Lakini anayesoma barua hana njia ya kupima maneno kama "ninateseka sana" au "hali yangu ni mbaya mno", na huenda amesoma mengi ya aina hiyo wiki hiyohiyo. Anachoweza kupima ni kiasi na tarehe: kodi ya miezi miwili haijalipwa, mwenye nyumba ametoa muda hadi tarehe fulani, duka la mtaani limefunga daftari la mkopo, kazi ya utafiti iliyopangwa wiki fulani haiwezi kufanyika. Sentensi moja ya namna hii ina nguvu kuliko aya nzima ya manung'uniko, kwa sababu afisa anaweza kuipeleka kama ilivyo kwa mkubwa wake.

Hapo kuna hesabu mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Ya kwanza ni posho ambayo haijalipwa, yaani miezi iliyopita mara kiasi cha mwezi. Ya pili ni madeni ambayo mwanafunzi ameyabeba kwa kukosa posho hiyo. Mfadhili anadaiwa ile ya kwanza kwa mujibu wa mkataba. Ya pili inaonyesha madhara, na kwa kawaida mfadhili hailipi juu ya posho. Barua inayojumlisha zote mbili na kudai jumla yake humtia shaka mhasibu, na shaka ikishaingia hata dai halali huanza kuchunguzwa upya.

Riba nayo inahitaji uangalifu. Posho inapokatika, wanafunzi wengi hukimbilia mikopo ya simu au ile ambayo mitaani huitwa kausha damu, na deni dogo hukua haraka. Barua inaweza kutaja kwamba mwanafunzi amelazimika kukopa kwa riba, pamoja na kiasi na tarehe ya kurejesha, kwa sababu huo ni ushahidi kwamba kila wiki inayoongezeka ina gharama. Lakini asitegemee riba hiyo kurudishwa isipokuwa mkataba unasema hivyo.

Zaidi ya yote, madhara yanayomgusa mfadhili moja kwa moja ni yale yanayogusa masomo. Mfadhili ameweka fedha ili mwanafunzi amalize kwa wakati. Posho ikichelewa hadi kazi ya utafiti ipitwe na msimu, au mtihani wa vitendo ukosekane kwa sababu ya nauli, masomo hurefuka na gharama zake huongezeka. Jambo hilo likielezwa kwa tarehe, msomaji huona mwenyewe kwamba kulipa sasa ni nafuu kuliko kulipa baadaye.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Chukulia mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya kilimo katika chuo kimoja mkoani Morogoro. Mkataba wake na taasisi ya ufadhili yenye ofisi Dar es Salaam unampa posho ya shilingi 650,000 kwa mwezi, inayolipwa na chuo kabla au ifikapo tarehe 10. Taasisi hutuma fedha chuoni kila robo mwaka, baada ya kupokea taarifa ya maendeleo ya robo iliyotangulia. Posho ya Oktoba haikufika, na ya Novemba pia.

Mwanafunzi anaanza kwa kuwauliza wenzake wawili wanaofadhiliwa na taasisi hiyohiyo. Nao hawajalipwa, kwa hiyo tatizo haliko kwenye akaunti yake. Tarehe 18 Novemba mhasibu wa chuo anamjibu kwa barua pepe kwamba fedha za robo ya Oktoba hadi Desemba hazijapokelewa. Anarudi kwenye taarifa zake: yake aliikabidhi kwa msimamizi tarehe 26 Septemba, ikasainiwa tarehe 20 Oktoba, na ofisi ya masomo ya uzamili ikaituma kwa mfadhili tarehe 3 Novemba. Sasa picha inaonekana. Huenda mfadhili alikuwa anasubiri taarifa, na huenda bado hajaanza kuchakata malipo hata baada ya kuipata.

Hesabu ya kwanza ni rahisi: miezi miwili kwa shilingi 650,000 ni shilingi 1,300,000. Ya pili ni madeni: kodi ya chumba ya miezi miwili shilingi 200,000, duka shilingi 150,000, na fedha alizoazima kwa wenzake shilingi 180,000, jumla shilingi 530,000. Tofauti ya hesabu hizo ni kubwa, na msomaji makini atajiuliza mwanafunzi aliishije. Jibu linapaswa kuwemo: alitumia akiba yake, na akiba hiyo imekwisha.

Lakini jambo lenye uzito kuliko yote ni utafiti. Anapima madhara ya viwavijeshi vamizi, wadudu walioonekana Tanzania mwaka 2017, katika mashamba ya mahindi ya vuli wilayani Kilosa. Mahindi yalipandwa mwanzoni mwa Novemba, na majani yaliyoliwa hupimwa mmea ukiwa bado haujatoa mbelewele. Anapaswa kukaa kijijini siku 14 kuanzia tarehe 8 Desemba. Akikosa, atasubiri mahindi ya masika yanayopandwa mwezi Machi, ilhali ufadhili wake unaisha Septemba 2026. Hii ndiyo sababu barua yake inaandikwa tarehe 24 Novemba na haisubiri mwezi ujao.

Barua yenyewe

Barua rasmi ya Kiswahili ina umbo linalojulikana: anuani ya mwandishi, tarehe, cheo na anuani ya mwandikiwa, salamu, kichwa kinachoanza kwa YAH, maelezo, saini, na orodha ya wanaopewa nakala. Wafadhili wengi, hasa wale wanaofanya kazi na chuo kwa makubaliano, hutaka barua ipitie kwa mkuu wa idara au mlezi wa wanafunzi. Kupita huko huchukua siku mbili tatu zaidi, lakini huipa barua uthibitisho kwamba chuo kinaijua. Mfadhili akitumia Kiingereza au Kifaransa, lugha hubadilika na mpangilio hubaki uleule. Kwa mwanafunzi wa Morogoro barua inaweza kusomeka hivi:

> 24 Novemba 2025
>
> Meneja wa Ufadhili,
> Dar es Salaam.
>
> Kupitia kwa: Mkuu wa Idara
>
> Ndugu Meneja,
>
> YAH: KUTOPOKELEWA KWA POSHO YA OKTOBA NA NOVEMBA 2025
>
> Mimi ni mfadhiliwa wenu wa shahada ya uzamili, mwaka wa pili. Namba yangu ya ufadhili na ya usajili wa chuo zimeandikwa chini ya saini.
>
> Kwa mujibu wa mkataba, posho yangu ya shilingi 650,000 hulipwa ifikapo tarehe 10 ya kila mwezi. Hadi leo sijapokea posho ya Oktoba, iliyochelewa siku 45, wala ya Novemba, iliyochelewa siku 14. Jumla ni shilingi 1,300,000.
>
> Tarehe 18 Novemba mhasibu wa chuo alinijulisha kwamba fedha za robo ya Oktoba hadi Desemba hazijapokelewa. Taarifa yangu ya maendeleo niliikabidhi kwa msimamizi tarehe 26 Septemba, na ofisi ya masomo ya uzamili iliituma kwenu tarehe 3 Novemba.
>
> Akiba yangu imekwisha, na nina madeni ya shilingi 530,000 ya kodi, chakula na fedha za kuazima. Nimepangiwa kukusanya takwimu Kilosa kuanzia tarehe 8 Desemba. Kazi hiyo isipofanyika sasa itasubiri mahindi ya masika, na huenda nisimalize kabla ya ufadhili kuisha Septemba 2026.
>
> Naomba mambo matatu: kujulishwa kama taarifa yangu imepokelewa na kama kuna kinachokosekana; kujulishwa tarehe fedha zitakapotumwa chuoni; na iwapo hazitatumwa kabla ya tarehe 5 Desemba, nipatiwe posho ya mwezi mmoja moja kwa moja, itakayokatwa fedha za robo zikifika.
>
> Nitashukuru kupata jibu ifikapo tarehe 3 Desemba. Nashukuru kwa ufadhili ambao umeniwezesha kufika hatua hii.
>
> Wako mwaminifu,
> (saini, jina, namba, simu)
>
> Viambatisho: ukurasa wa mkataba unaohusu posho, barua pepe ya mhasibu, taarifa ya benki ya Septemba hadi Novemba, barua ya msimamizi kuhusu ratiba ya Kilosa.
>
> Nakala: Mlezi wa Wanafunzi

Barua hii haimlaumu mtu. Msimamizi alichelewa kusaini, na pengine ofisi ya chuo ilichelewa kutuma, lakini tarehe zilizopangwa kwa mfuatano zinasema yote bila kumshtaki yeyote. Jambo hili si adabu peke yake. Msimamizi huyo ndiye atakayesaini taarifa ijayo, na mkuu wa idara ndiye barua inayepitia kwake. Lawama ndani ya barua humfanya kila mmoja ajitetee, na muda wa kujitetea huongeza muda wa kuchelewa.

Ombi nalo limegawanywa kwa makusudi. Kuuliza kama taarifa imepokelewa ni jambo ambalo afisa mdogo anaweza kulijibu siku hiyohiyo. Kutaja tarehe ya malipo kunahitaji kuuliza idara ya fedha. Posho ya dharura inahitaji idhini ya mkubwa. Barua ikiwa na ombi zito peke yake, hukaa mezani hadi mkubwa apatikane. Ikiwa na jepesi pia, mawasiliano huanza mara moja. Ombi la kuongezewa posho halimo, hata kama bei za vyakula zimepanda, maana hilo ni suala la mkataba mpya na likiingizwa hapa litalizamisha lile la haraka.

Viambatisho vinapaswa kutosha bila kuzidi. Taarifa ya benki ndiyo inayothibitisha kwamba fedha hazikuingia, na ni kiambatisho ambacho wengi hukisahau. Miamala isiyohusika inaweza kufichwa, mradi majina, tarehe na malipo ya posho zilizopita yaonekane. Namba ya siri ya benki au ya simu haiandikwi popote, na mtu yeyote anayepiga simu akijitambulisha kuwa wa ofisi ya ufadhili na kutaka atumiwe fedha kidogo ili posho itoke ni tapeli.

Baada ya barua kutumwa

Barua ikipelekwa kwa mkono, nakala ya mwanafunzi hugongwa muhuri wa mapokezi. Ikitumwa kwa barua pepe, mwanafunzi huomba kujulishwa kwamba imefika. Siku aliyotaja ikipita bila jibu, anaandika ukumbusho wa aya moja, akirejea tarehe na kichwa cha barua ya kwanza, na kuiambatisha tena. Kuandika barua mpya ndefu kila wiki hutawanya kumbukumbu, na afisa mpya akikabidhiwa jalada hajui aanzie wapi.

Ukumbusho ukikosa jibu, hatua inayofuata ni chuo kuandika. Mlezi wa wanafunzi au mkurugenzi wa masomo ya uzamili huweza kumwandikia mfadhili kwa niaba ya wafadhiliwa wote walioathirika, na hapo barua moja yenye orodha ya majina, miezi na kiasi hufanya kazi kuliko barua kumi za mmoja mmoja. Kila anayetajwa anapaswa kukubali kwanza jina na hali yake viandikwe. Huku nyuma, mwanafunzi anaweza kutumia nakala ya barua yake kuomba muda kwa mwenye nyumba, au kuomba chuo kisimzuie kufanya mtihani.

Kuna mipaka pia. Ikiwa mkataba unasema malipo hufanyika "kutegemea upatikanaji wa fedha", mwanafunzi hana tarehe ya kuidai, na barua yake itajengwa juu ya ratiba ya masomo na mazoea ya malipo yaliyotangulia. Ikiwa posho imesimamishwa kwa sababu ya matokeo, barua ya kuchelewa haifai. Inayohitajika ni rufaa, yenye maelezo ya matokeo hayo na mpango wa kuyarekebisha.

Posho inapofika, barua ya mwisho ni fupi. Inataja kiasi kilichopokelewa, tarehe, miezi inayohusika na salio kama lipo. Kama mfadhili alitoa posho ya dharura, inathibitisha kwamba imekatwa. Nakala ya barua hiyo huwekwa pamoja na zilizotangulia, na taarifa ya maendeleo ya robo inayofuata hukabidhiwa kwa msimamizi mapema, ikiwa na tarehe ya kukabidhiwa iliyoandikwa juu yake.